Tupeane uzoefu: umewahi kuombwa msamaha siku ya Samvatsari, ile siku ya toba ya mwaka ya Wajaini, wale wa dini ya kale kutoka India? Au wewe ndiye uliyeomba?

Karani wa Leso
Wakuu, mimi si Mjaini. Nilifanya kazi miaka 6 kwenye duka la leso Mtaa wa Biashara, Mombasa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kigujarati, mtu wa derasari, hekalu la Wajaini, ya Langoni. Kila mwaka, Agosti au Septemba, alikuwa na siku 8 hali kitu. Anakuja dukani na chupa ya maji yaliyochemshwa, na jua likizama hata hayo hayagusi. Kesho yake baada ya siku ya nane anatupitia mmoja mmoja, mpaka hamali wa mkokoteni, anakutanisha viganja kifuani: "Michami Dukadam," yaani naomba radhi.

Sasa kuna mwaka zilipotea korja mbili za leso stoo. Akanikata mshahara miezi mitatu. Samvatsari ilipofika akaja na viganja vilevile, maneno yaleyale. Nikamwuliza, "Mzee, unaniomba kwa lipi?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa yote." Hela hakurudisha. Msamaha wa namna hii mnauonaje? Leteni na yenu.

Ostadhi Mdogo
Hiyo ni Diwali yao hao Mabaniani, wanafunga halafu wanasherehekea. Hata sisi huku kabla ya Ramadhani tunaombana radhi, tena siku hizi kwa ujumbe mmoja unaotumwa kwa kundi zima.

Binti wa Parklands
Ostadhi, kuombana radhi umepatia, Diwali umekosea. Diwali ni miezi miwili mbele huko, na Wajaini nao wanayo kwa sababu zao. Hii ni Paryushan, siku zetu za kufunga na kutubu. Wajaini tuna madhehebu mawili makubwa: kwetu Washwetambara ni siku 8 na ya mwisho ndiyo Samvatsari. Wadigambara wanaanza sisi tukimaliza, wao ni siku 10.

Karani, nikueleze kinachofanyika jioni ile kabla mzee hajaja kwako, maana wengi mnaona viganja tu. Tunaketi chini, kila mtu na mkeka wake mdogo wa sufi, kitambaa cheupe cha kuziba mdomo, na kifagio laini cha nyuzi za sufi cha kupangusia mahali kabla hujakaa, usije ukamkalia sisimizi. Toba yenyewe inaitwa pratikramani. Ya siku za kawaida huchukua kama dakika 48; ya mwaka ni karibu saa tatu. Magoti yanakufa ganzi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasubiri sehemu moja tu, ile ya kuhesabu viumbe: laki 7 wa udongo, laki 7 wa maji, laki 7 wa moto, laki 7 wa upepo, kisha mimea, wadudu, miungu, watu wa motoni, wanyama, mpaka binadamu laki 14. Jumla aina milioni 8.4 za kuzaliwa, na wote hao unawaomba radhi kama uliwaua, uliamuru wauawe, au uliona vyema wakiuawa.

Kwa hiyo mzee wako alipokwambia "kwa yote" hakuwa anakukwepa, ndivyo maneno yalivyo. Ila kuna jambo hakukwambia. Kwetu hasira inapimwa kwa muda inaokaa moyoni. Ikiisha ndani ya siku 15 ni nyepesi. Ikifika miezi minne ni nzito zaidi, mwaka ni nzito zaidi ya hapo. Ikivuka mwaka, inahesabiwa kuwa ile inayomfunga mtu kwenye kuzaliwa na kuzaliwa tena bila kikomo. Ndiyo maana toba zimepangwa hivyo: kila siku, kila nusu mwezi, kila miezi minne, kila mwaka. Samvatsari ni mlango wa mwisho kabla hasira haijavuka.

Mama wa Ngano
Samahani nimechelewa. Hizo siku 8 za maji zinapunguza kilo ngapi? Mimi nina sukari, nilijaribu siku tatu nikaanguka jikoni.

Binti wa Parklands
Mama, pole sana, na usirudie. Hii si ya kupunguza mwili. Mwenye sukari kwetu hafungi hivyo. Anaweza kula mlo mmoja kwa kikao kimoja, au anafuata tu kutokula usiku na kuacha viazi, vitunguu, karoti na kila kinachong'olewa na mizizi yake, na hata hivyo anamuuliza daktari wake kwanza.

Na kwa wazima, hatari kubwa iko kwenye kufungua. Binamu yangu alifunga zote 8 akiwa na miaka 16. Asubuhi ya kufungua wakubwa wanakuja kumnywesha kwa zamu, kijiko kimoja kimoja, maji ya choroko iliyochemshwa, na uji mwepesi wenye tangawizi kavu. Yeye saa nne akaingia jikoni akala bajia tano. Saa sita alikuwa anatapika na mikono inatetemeka, akapelekwa hospitali. Tumbo lililolala siku 8 haliamshwi kwa mafuta.

Mzee wa Thika
Nimezaliwa Thika, sasa niko London. Zamani tulikuwa tunaandika kadi, mke wangu anabandika stempu mpaka ulimi unakauka. Siku hizi ni WhatsApp: picha ya ua la yungiyungi na maneno, napeleka kwa watu 300 kwa dakika moja. Mwaka jana niliangalia orodha. Ndugu yangu wa tumbo moja hayumo. Tulikosana kwa ajili ya nyumba ya baba, mwaka wa nne sasa. Watu 300 sijawakosea lolote nimewaomba, niliyemkosea nimemruka.

Karani, kwa swali lako kuna kisa tunachohadithiwa kila Paryushan. Mfalme Udayan alimteka Chandapradyot wa Ujjain, akamchoma chapa usoni ya kumdhalilisha. Wakiwa njiani Samvatsari ikafika, Udayan akafunga. Mpishi akamwuliza mateka atakula nini. Mateka, akihofia sumu, akasema na yeye leo amefunga. Udayan alipokuja kumwomba msamaha akajibiwa: unaniombaje nami nimefungwa minyororo? Akamfungua, akamrudishia ufalme wake, na ile chapa akaifunika kwa utepe wa dhahabu. Kwa hiyo mimi naona mzee wako alitakiwa kufungua mnyororo, yaani hela.

Binti wa Parklands
Mzee, hapo tusikubaliane haraka. Udayan alijua kosa ni lake. Yule mzee labda mpaka leo anaamini leso zilichukuliwa na Karani. Unamsamehe mtu na bado unaona alikukosea; hayo ni mambo mawili.

Ostadhi Mdogo
Kwetu haki ya mja hairudi kwa maneno. Irudishwe au mwenyewe aisamehe. Na Diwali nimeifuta.

Mzee wa Thika
Binti, maneno yenyewe yanasema: nawasamehe viumbe wote, viumbe wote wanisamehe, nina urafiki na wote, sina uadui na yeyote. Kusamehe kumetangulia kuomba. Hapo ndipo mimi na ndugu yangu tulipokwama, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze.

Karani wa Leso
Wakuu mmenikalia kooni. Sikuziba… sorry, vidole. Sikuziiba zile leso. Lakini siku ile nilitoka mbio kuwahi feri, na mlango wa nyuma wa stoo nadhani sikuufunga. Sikuwahi kumwambia. Aliponiuliza nilisema nimefunga. Mzee yuko hai, ameacha biashara, anakaa kwa mwanawe Nyali.

Mama wa Ngano
Binti, hayo maji ya choroko, unaiponda au unachuja tu?

Binti wa Parklands
Unachemsha mpaka ipasuke, unachuja, chumvi kidogo. Ile choroko yenyewe utaila jioni.