Wasifu wenye pengo la miaka mitatu na nusu: nilitaje au nilipitie juu juu?

BintiUyole:
Wakuu, salaam. Nina miaka 36, niko Uyole. Kuna kiwanda cha kufungasha parachichi upande wa Njombe kinatafuta mtunza stoo, na maombi yanafungwa Ijumaa. Wasifu wangu umekaa hivi:

Februari 2012 hadi Agosti 2017 nilikuwa stoo ya duka la pembejeo Mwanjelwa. Septemba 2017 mama akapata kiharusi, nikahamia Tukuyu kumuuguza hadi Machi 2021. Aprili 2021 nikarudi Mbeya, nikawa nasimamia kibanda cha uwakala wa M-Pesa. Laini imesajiliwa kwa jina la kaka, ila kazi yote naifanya mimi. Mwaka 2023 nilifunga kuanzia Januari hadi Agosti, nilikuwa nimejifungua. Kule Tukuyu nilikuwa mwekahazina wa VICOBA, wanachama 25, toka 2019 mpaka naondoka.

Shemeji yangu ananiambia niandike duka la pembejeo 2012 hadi 2020, eti nani atafuatilia. Moyo unasita. Mngefanyaje?

Mtu_wa_Mafinga:
Pole na kuuguza. Mimi ningeondoa tarehe zote. Ukurasa wa kwanza unajaza ujuzi: kutunza stoo, kushika fedha, uaminifu, kompyuta. Chini unaorodhesha sehemu ulizofanya kazi bila miaka. Pengo halionekani, na uongo hujasema.

KamweneIringa:
Hivi michango yako ya NSSF ya lile duka ulishaichukua? Maana ukikaa bila kazi muda mrefu kuna utaratibu wake, nenda ofisini kwao na kitambulisho.

BintiUyole:
Kaka Kamwene, sidai mafao, naomba kazi 😅

Mpokea_Bahasha:
Dada, nimekaa miaka kadhaa upande wa utumishi kwenye mashamba ya chai na sasa kwenye mbao. Nikuambie bahasha zinavyosomwa.

Zikija mia na ushee kwa nafasi moja, natazama kwanza kazi za karibuni na tarehe zake. Wasifu usio na tarehe hauniachi nikisema huyu ni mjuzi. Unaniacha nikijiuliza anaficha jela, au kufukuzwa, au nini. Kwa hiyo Mtu wa Mafinga yuko sawa kuupandisha ujuzi juu, ila tarehe azirudishe.

Ushauri wa shemeji ndio hatari zaidi. Nitampigia mdhamini wako na swali langu la pili huwa, "aliondoka lini?" Mwenye duka akisema 2017, basi hata miaka mitano uliyofanya kweli siiamini tena. Na cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, kinaandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Utakileta mwenyewe mezani kikusute.

Upange hivi: jina na simu, mistari mitatu ya kujieleza, ujuzi wa aina nne hivi, kisha kazi kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, majukumu ya kijamii, elimu, wadhamini. Kurasa mbili zinatosha.

Pengo liweke humo humo kwenye mfululizo wa kazi, mstari mmoja:

"Septemba 2017 – Machi 2021: Nilimuuguza mzazi nyumbani, Tukuyu. Jukumu hilo limekwisha."

Sentensi ya mwisho usiiache. Anayeajiri hajali sana kwamba uliondoka, anaogopa utaondoka tena msimu wa mavuno. Ugonjwa wenyewe usiuelezee. Na ile miezi minane ya 2023 usiitolee maelezo, andika tu "Aprili 2021 – Desemba 2022, Septemba 2023 hadi sasa". Wakiuliza, utajibu.

BintiUyole:
Asante mno. Jukumu limekwisha kweli, mama alitangulia Februari ile. Sasa huo ujuzi naupataje kwenye kibanda cha M-Pesa? Nikisoma tangazo wanataka mtu wa stoo.

Mpokea_Bahasha:
Pole sana dada. Niambie, jioni ukifunga kibanda unafanya nini?

BintiUyole:
Nahesabu keshi, naangalia salio la kwenye laini, najumlisha. Mtaji ni 1,500,000. Kama laini ina 900,000 basi keshi iwe 600,000, ukiacha kamisheni. Ikipungua siondoki, narudi kwenye daftari muamala mmoja mmoja.

Mpokea_Bahasha:
Hiyo ndiyo stoo. Kilichoandikwa na kilichopo vilingane, na tofauti itafutwe siku ile ile. Usiandike "mwaminifu na mchapakazi", kila mtu kaandika. Andika:

"Kulinganisha kumbukumbu na kilichopo: kila jioni nalinganisha keshi na salio la uwakala (mtaji sh. 1,500,000) na kutafuta chanzo cha tofauti kabla ya kufunga."

Kwa duka la pembejeo sema ulipokea nini, ulikitoa kwa hati gani, ulihesabu kila baada ya muda gani. Viatilifu na mbegu vina tarehe ya kuisha, kwa hiyo kama ulikuwa unatoa kwanza vinavyokaribia kuisha, andika. Mtu wa parachichi ataelewa mara moja, mali yake inaoza.

VICOBA iende kwenye majukumu ya kijamii, isiwe ajira. Ukiipeleka kwenye kazi ili kuziba pengo, wataona. Na kama hujawahi kufanya kazi kwenye chumba baridi, usikitaje.

Mtu_wa_Mafinga:
Nimekubali la tarehe. Ila kibanda si cha kaka yake? Akiandika "mmiliki" si uongo ule ule?

Mpokea_Bahasha:
Umeona vizuri. Aandike "Msimamizi, kibanda cha uwakala (biashara ya familia)". Mdhamini wa hapo asiwe kaka. Bora mwenye fremu, au wakala jirani anayebadilishana naye salio.

Ngosha_Makambako:
Mimi langu gumu kuliko la dada. Niliachishwa kazi 2019 kwa upotevu wa mzigo, sikuiba lakini nilisaini. Naandikaje?

Mpokea_Bahasha:
Wasifu hauna sehemu ya sababu ya kuondoka, weka tarehe za kweli uishie hapo. Fomu ya maombi ikikuuliza, jibu ukweli kwa ufupi. Kwamba utapita, siwezi kukuahidi. Mimi mwenyewe kuna niliowachukua na niliowaacha kwa kosa linalofanana.

MamaNyanya:
Mimi sikubaliani na kutaja kuuguza. Kwa mwanamke wanasoma "huyu ana mambo ya nyumbani" na bahasha inawekwa pembeni. Imenitokea. Aweke tarehe zake, pengo liongee lenyewe, aeleze kwenye usaili.

Mpokea_Bahasha:
Mama, hilo lipo, sikatai. Miezi minane nimemwambia aiache kwa sababu hiyo hiyo. Miaka mitatu na nusu naona ni mirefu mno kuachwa kimya, msomaji atajaza mwenyewe na atajaza vibaya. Ila mwenye wasifu ni yeye.

BintiUyole:
Nimeamua kuuweka ule mstari. Limebaki moja. Duka la Mwanjelwa lilifungwa na mwenyewe simpati, cheti cha utumishi hakunipa.

KamweneIringa:
Sasa njoo kwenye NSSF yangu mliyoicheka. Omba taarifa ya michango yako, inaonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia. Huo ni ushahidi kwamba ulikuwepo.

Mpokea_Bahasha:
😂 Kamwene kapiga penyewe. Na mtafute mliyefanya naye kazi, hata dereva aliyekuwa akishusha mbolea, awe mdhamini, ukisema wazi ni mfanyakazi mwenzako.

BintiUyole:
Ndaga fijo. Kesho naenda NSSF. Ila nakumbuka 2015 kuna miezi mwenye duka alikuwa anakata na hapeleki. Ikionekana tupu hapo je?