Chati ya kilo za samaki: nataka miezi 12 ya mwisho tu, isogee yenyewe

KaraniWaAmu
Asalaam aleikum. Mimi ni karani wa kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu. Nina shiti ya Excel niliyoiita Kilo: kolamu A ni miezi tangu Januari 2023, kolamu B ni kilo za samaki tulizopima. Kando yake kuna chati ya nguzo. Mwanzo ilipendeza, sasa nguzo ni 32, zimebanana kama dagaa ndani ya kapu. Wazee wanataka kuona mwaka mmoja tu, yaani kusi moja na kaskazi moja. Kila mwezi navuta mipaka ya chati kwa mkono. Juzi nilisahau, nikachapisha hivyo hivyo, mzee mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, Julai hatukuvua?" Nifanyeje isogee yenyewe?

Nahodha_Malindi
Hiyo rahisi. Chagua data yote, bonyeza Ctrl+T iwe Table. Ukijaza mwezi mpya chini, chati inajirefusha. Kazi kwisha.

KaraniWaAmu
Nimefanya, imezidi kuharibika. Nguzo zote 32 zipo palepale, na mwisho kuna nafasi nne tupu, maana nilishaandika majina ya miezi hadi Desemba 2025. Kilo zimefika Agosti.

FundiWaMtaa
Nahodha amepatia nusu. Table inaongeza mbele, haikati nyuma. Dada, tengeneza majina mawili yatakayojihesabu upya kila unapojaza. Nenda Formulas, Name Manager, New. La kwanza liite MieziMwisho, na kwenye Refers to uandike:

```
=OFFSET(Kilo!$A$1,MATCH(9.99E+307,Kilo!$B:$B)-12,0,12,1)
```

La pili liite KiloMwisho:

```
=OFFSET(MieziMwisho,0,1)
```

Hiyo 9.99E+307 ni namba kubwa kuliko mzigo wowote mtakaoupima. MATCH inaitafuta, haiioni, basi inasimama kwenye namba ya mwisho iliyomo kolamu B na kukupa mstari wake. Agosti 2025 iko mstari wa 33. Toa 12, unabaki na 21. Shuka mistari 21 kutoka A1 unafika A22, Septemba 2024, na kutoka hapo inachukua seli 12.

Utaona watu wakishauri COUNTA ya kolamu A. Kwako itakuhadaa: itahesabu kichwa na miezi yote hadi Desemba, ipate 37, ikuletee Januari hadi Desemba 2025 na zile nafasi nne tupu zikiwemo.

Sasa bofya chati kwa kitufe cha kulia, Select Data, kisha Edit. Kwenye Series values futa yaliyomo, andika `=Kilo!KiloMwisho`. Kwenye lebo za chini andika `=Kilo!MieziMwisho`. Jina la shiti na alama ya mshangao lazima viwepo. Ukiandika jina peke yake Excel italikataa.

KaraniWaAmu
Imekubali! Ila nguzo ya mwisho imepanda hadi dari, haina mwezi chini yake, na nyingine zote zimelala kama majani.

FundiWaMtaa
Chini ya miezi umeweka jumla?

KaraniWaAmu
Ndiyo, B39.

FundiWaMtaa
Hiyo nayo ni namba, kwa hiyo ndiyo ya mwisho. Ihamishie D1.

NyumbaShela
Nami nina shida hiyo hiyo. Nina nyumba ya wageni Shela, naandika vyumba vilivyolaliwa kila mwezi, lakini kwenye Google Sheets. Chati haipokei hayo majina kabisa.

FundiWaMtaa
Huko haitapokea. Wewe, mama, fungua shiti nyingine, weka fomula hii A1, halafu chati uielekeze A1:B12, usiiguse tena. Badilisha Kilo iwe jina la shiti yako. Miezi iwe tarehe za kweli; ukiandika "Ago" kama neno, itapanga kwa alfabeti.

```
=SORT(QUERY(Kilo!A2:B,"select A,B where B is not null order by A desc limit 12",0),1,TRUE)
```

KaraniWaAmu
Nimehamisha jumla, sasa ni Septemba 2024 hadi Agosti 2025. Ahsante sana, kaka. Jambo moja: mimi huongeza kilo kila Ijumaa. Nikiweka za wiki ya kwanza ya Septemba, nguzo yake itakuwa fupi mno.

FundiWaMtaa
Naam, na Septemba ya mwaka jana itatoka hapo hapo. Kilo za wiki ziweke shiti nyingine, uzilete Kilo mwezi ukifungwa.

Nahodha_Malindi
Mimi hapo sikubali. Wavuvi wanataka kujua ya sasa. Nguzo iwe fupi, mtu aambiwe mwezi haujaisha.

KaraniWaAmu
Mzee yule wa Julai hataambiwa. Acha niulize kikao cha Jumamosi.