Tupeane uzoefu: kubadili bei kwenye picha ya menyu yenye mandhari ya kitenge

Mzee wa Kona: Wakuu, wenye migahawa wanapandisha bei kila baada ya muda, na wanakuletea JPG tu. Faili halisi eti lilibaki kwenye kompyuta ya kijana aliyehama mji. Nyuma ya maandishi kuna kitenge. Mlitokaje? Mmoja mmoja, tafadhali.

Fundi Maua: Mimi natumia Content-Aware Fill ya Photoshop, sekunde mbili tu bei imefutika. Sioni shida iko wapi.

Bi Rangi: Fundi Maua, hiyo inakubali kwenye mchanga, mbao au ukuta wa chokaa. Kwenye kitenge inabahatisha: duara linatoka na pembe, mstari unakatika katikati. Mteja hajui kosa ni nini, ila atakwambia "hapa pamechafuka".

Nieleze yangu ya mwisho. Menyu ilikuwa na kitenge cha maduara, bei ya wali samaki 6,500 iende 7,500. Nikakumbuka kitenge kinajirudia, kwa hiyo kipande kilichofichwa na bei kipo pengine kwenye picha hiyohiyo, kizima. Nikapima toka kitovu cha duara moja hadi kitovu cha duara linalofanana nalo: pikseli 184 kwa upana.

Nikazungushia bei mraba wenye nafasi ya pikseli 10 kila upande. Nikausogeza mraba wenyewe, siyo picha, pikseli 184 kushoto, kwenye uwazi kati ya jina la chakula na bei. Hapo nikabonyeza Ctrl+J kupata kipande kwenye leya yake, kisha nikakirudisha kulia pikseli 184 zilezile. Kabla ya kuamini, leya hiyo niliiweka kwenye modi ya Difference, ambayo panapolingana na picha ya chini panakuwa peusi. Kingo zikiwa nyeusi ti, umelenga. Ukiona mistari myembamba inang'aa, umekosea pikseli moja au mbili, sogeza kwa vishale vya kibodi. Ukiridhika, irudishe Normal.

Zangu hazikuwa nyeusi, zilikuwa kijivu hafifu bila mistari. Maana yake mchoro umelingana ila mwanga haujalingana, kwani aliyeitengeneza alififiza pembeni. Nikatia giza kidogo kwa Curves kwenye kile kipande peke yake, basi.

Mzee wa Kona: Na jina la chakula likiwa refu hadi linakaribia bei?

Bi Rangi: Hapo kushoto huna pa kuchota. Panda juu au shuka chini, lakini hesabu ni ileile: mzunguko mmoja kamili, au miwili, siyo mmoja na nusu.

Kijana wa Stesheni: Mimi nilifuta vizuri kabisa, mteja akachapisha nakala 40, ndipo tukaona kizuka cha bei ya zamani. Tarakimu zilikuwa na kivuli cha chini kulia, mimi nikafuata umbo la tarakimu tu. Siku hizi nakuza picha hadi 300% niangalie kivuli kinaishia wapi kabla ya kugusa chochote. Nakala zile nilizilipia mimi.

Mama Chapati: Jamani, mimi menyu yangu imeshatiwa plastiki na iko ukutani. Nifanyeje bei ya maharage?

Kijana wa Stesheni: Mama, sisi tunazungumzia picha ya kwenye kompyuta. Wewe bandika stika.

Mama Chapati: Nilibandika, watoto wanazibandua.

Fundi Maua: Bi Rangi, nimejaribu. Sawa, nimekubali. Ila tarakimu mpya nimeziandika zikaonekana mpya mno, kama zimebandikwa jana.

Bi Rangi: Kwa sababu JPG imeshalainisha tarakimu nyingine zote. Tia Gaussian Blur ya 0.4 kwenye maandishi mapya, uangalie kwa ukubwa wa kawaida. Na kama kwenye menyu kuna 7 mahali pengine, usiikate na kuihamisha; itakuja na kitenge chake mgongoni. Tafuta fonti. Rangi ichote katikati ya tarakimu ya zamani, pembeni imechanganyika na kitenge.

Mpita Njia: Mnajitesa. Weka kibao cha rangi moja nyuma ya bei zote, safu nzima. Ndivyo aliyeitengeneza alivyopaswa kufanya, maana bei nyeupe juu ya kitenge hata kusomeka ni shida.

Bi Rangi: Hilo silikatai, mteja akikubali. Wangu alisema kitenge ni cha marehemu mama yake, kisifunikwe.

Dereva Mstaafu: Yangu ni picha ya simu, menyu imepigwa kwa upande. Maduara ya juu ni madogo kuliko ya chini, kwa hiyo hiyo 184 yenu haikai.

Bi Rangi: Inyooshe kwanza kwa Perspective Crop, ndipo upime upya.

Dereva Mstaafu: Nimenyoosha. Katikati imekaa, juu bado inateleza. Nadhani karatasi yenyewe ilikuwa imejikunja.