Nashona mapazia Kisasa, Dodoma: hashitagi gani zitanifikisha kwa wateja wa hapa hapa?

PaziaLaKisasa
Habari za majukumu wadau. Nashona mapazia, nipo Kisasa hapa Dodoma. Kazi zangu naziweka Instagram na picha zinapendwa, ila wanaoniuliza bei wengi wako Dar, Mwanza, hadi Mombasa. Sasa pazia langu haliuziki kwa picha tu. Lazima nifike, nipime dirisha, nione kama ni fimbo au reli, halafu nirudi kulifunga. Wa Mombasa nitampimia vipi? Nawataka watu wa Ilazo, Nzuguni, Ipagala, na wanaohamia nyumba mpya njia ya Mtumba. Chini ya kila posti naweka hizi: #mapazia #kisasa #mapaziayakisasa #mtumba #tanzania. Nibadilishe nini?

Mzee wa Nkuhungu
Dada, hizo ni chache. Jaza hadi 30, ziweke kwenye komenti ya kwanza ili maelezo yasichafuke. #tanzania usiiache kabisa, watu wanaoifuata ni wengi mno.

Bi Mkubwa 77
Mapazia ya mtumba unauza bei gani? Nilikuwa natafuta yale mazito ya hoteli, pale Sabasaba siku hizi hayapatikani.

PaziaLaKisasa
Shikamoo mama. Siuzi ya mtumba, nashona mapya. Mtumba niliyoandika ni ule upande wa Mji wa Serikali.

Fundi_Matangazo
Dada, jibu lako la kwanza umeshaletewa na Bi Mkubwa, tena bila kukusudia. Kosa liko kwenye majina. Hashitagi haijui kwamba wewe unamaanisha mtaa, yenyewe inakusanya herufi tu. Fungua #kisasa sasa hivi uone: sofa za kisasa, ramani za nyumba za kisasa, ufugaji wa kuku wa kisasa. Mtaa wako hauonekani. #mtumba ni magauni na viatu. Dodoma tuna bahati mbaya hiyo, mitaa yetu mingi ina majina yanayotumika kwingine. Majengo ipo karibu kila mji. Anayeweka #kikuyu akimaanisha Kikuyu yetu anaangukia katikati ya posti za Kenya.

Dawa yake ni kuufunga mtaa na mji pamoja, au bidhaa na mji pamoja: #kisasadodoma, #ilazododoma, #mapaziadodoma. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi kitu, kwa hiyo #MapaziaDodoma ni ile ile, ila inasomeka vizuri zaidi. Usiache nafasi katikati. Ukiandika #mapazia dodoma, hashitagi inaishia kwenye mapazia, na dodoma linabaki neno la kawaida.

Kabla ya kuitumia yoyote, ifungue kwanza. Angalia mambo mawili tu: posti zilizopo ni za hapa? Na ni za kitu kinachofanana na chako? Moja ikikataa, achana nayo hata kama ina posti milioni. Ile yenye posti chache za Dodoma inakufaa kuliko kubwa ambayo yako inazama ndani ya dakika chache.

Mzee wa Nkuhungu, heshima kwako, hoja ya komenti haina ubaya ila ya kujaza 30 siikubali. Instagram wenyewe tangu 2021 walishauri tatu hadi tano zinazohusiana na posti, na siku hizi mwisho ni tano, 30 hazikubaliki tena. Na kufuata hashitagi hakupo tena, walikuondoa Desemba 2024. Kwa hiyo hakuna kundi la watu linaloisubiri #tanzania.

Mzee wa Nkuhungu
Hilo la kufuata kuondolewa sikuwa nalo, ahsante kijana. Ila mimi bado naona wateja wa #dodoma wanakuja.

Fundi_Matangazo
Na #dodoma abaki nayo mzee, hiyo ni ya hapa kweli. Niliyoikataa ni #tanzania. Na #dom pia aiache, dunia nzima inaitumia kwa mambo mengine.

Changombe_Yetu
Niongezee. Mtaa wenye king'ong'o unasumbua. Ukiandika #Chang'ombe, ile alama inaikata, inabaki #Chang. Ng'hong'hona kule jirani na UDOM ndiyo balaa kabisa, unabaki na #Ng. Andika bila alama: #changombedodoma. Jina la mji ni lazima hapo, maana Dar nao wana Chang'ombe yao Temeke.

Asali_Singida
Mimi nauza asali ya Singida na sikubaliani na kukwepa watu wa mbali. #asaliyasingida inaniletea wateja wa Dar, naweka mzigo kwenye basi asubuhi, kesho yake anapokea. Kwa nini uwakatae wenye hela?

PaziaLaKisasa
Ndugu yangu, asali inapanda basi. Dirisha la mteja halipandi. Wewe jina la mahali linaeleza mzigo unakotoka, mimi linatakiwa lieleze ninakofika.

Mama Nasra
Naomba kuuliza, hizi hashitagi nikiweka kwenye status ya WhatsApp zinafanya kazi?

Fundi_Matangazo
Hapana Mama Nasra. Status wanaiona wenye namba yako uliowaruhusu, hashitagi haimleti mgeni. Hata Instagram, akaunti ikiwa ya faragha posti zako hazionekani kwa wasiokufuata hata uweke hashitagi gani. Dada Pazia, hakikisha yako iko wazi.

PaziaLaKisasa
Iko wazi. Nina picha za sebule moja ya Ilazo, pazia la kijivu na shiya nyeupe. Ungeiandikaje?

Fundi_Matangazo
Ningeandika hivi: "Mapazia ya sebule, Ilazo Dodoma. Kitambaa kizito cha kijivu na shiya nyeupe, reli mbili. Tunakuja kupima nyumbani Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Ipagala. Piga au tuma ujumbe. #MapaziaDodoma #IlazoDodoma #Dodoma #Mapazia"

Ona kwamba majina ya mitaa yamo kwenye sentensi, siyo kwenye hashitagi peke yake. Ukweli ni kwamba hashitagi hutumiwa zaidi na sisi wauzaji. Mnunuzi anaandika "mapazia dodoma" kwenye kutafuta, bila alama yoyote. Ndiyo maana nenda pia Edit profile, pale kwenye Name weka "Mapazia Dodoma" baada ya jina la biashara. Hiyo sehemu inatafutika. Posti inayofuata ikiwa ya Nzuguni, badilisha hashitagi ya mtaa. Usinakili mkupuo mmoja kila siku.

Kujua kama inafanya kazi, usihesabu likes. Kwenye akaunti ya biashara fungua Insights, tazama miji ya watu wanaofikiwa, kama Dodoma inapanda. Na kila anayepiga simu muulize kakuona wapi na anaishi mtaa gani, uandike kwenye daftari la vipimo.

PaziaLaKisasa
Nimeelewa, ubarikiwe. Swali la mwisho: ile lokesheni ya juu ya posti niweke Dodoma au Kisasa?

Fundi_Matangazo
Mtaa wa mteja ulikofunga pazia, kama upo kwenye orodha. Majirani zake ndio wateja wako.

Changombe_Yetu
Hapo tunatofautiana mkuu. Mitaa yetu kwenye orodha ile mara inakosekana, mara ipo mitatu yenye jina moja, na nani hufungua ukurasa wa Ilazo? Mimi saluni yangu naweka Dodoma mji mzima.

Fundi_Matangazo
Saluni mteja anakufuata, anaweza kutoka mtaa wowote. Yeye anawafuata wao. Ila sibishi sana, dada ajaribu posti za mtaa na posti za mji kwa zamu, daftari lake litasema.

Bi Mkubwa 77
Marahaba mwanangu, salamu yako niliiona nikapitiliza. Hayo mapya je, Makole unafika kupima?