Naombeni ushauri: katuni ya kipindupindu imerudishwa. Radi, manukuu na madumu, vyote vina kasoro

Mchoraji wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nachora katuni, nyingi huwa za matangazo mafupi. Safari hii nimepewa ya sekunde 90 kuhusu kipindupindu. Itachezwa kwenye tivii za pale wagonjwa wanapokaa kusubiri, ambako sauti huwa imezimwa, na pia itasambazwa WhatsApp.

Mteja ameirudisha na mistari mitatu tu: "Radi inamweka kupita kiasi. Manukuu hayasomeki. Madumu hayatofautiki kwa mwenye upofu wa rangi." Hakuna maelezo mengine, na simu hapokei.

Sekunde ya 41 mvua inaanza. Anga yote inakuwa nyeupe fremu 2, nyeusi fremu 2, nyeupe 2, nyeusi 2, hivyo hivyo kwa sekunde moja na nusu. Nafanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde. Dumu la maji salama ni la kijani, `#388E3C`, na la maji machafu ni jekundu, `#D32F2F`. Manukuu ni meupe, hayana kitu nyuma yake, yapo chini ya skrini. Kwangu kila kitu kinaonekana safi kabisa. Nianzie wapi?

Kijana wa Bati

Hiyo ya radi ndogo sana mkuu. Punguza weupe, usitumie nyeupe kali. Ikiwezekana fanya iwe nyekundu, maana nyekundu haichomi macho kama nyeupe. Na mwanzoni weka onyo kwamba video ina mwanga wa kumweka, maana unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Umemaliza.

Mama Zuhura

Jamani msimtishe kijana. Mwanangu ana kifafa tangu akiwa na miaka minne, na katuni anaangalia kutwa nzima. Hajawahi kuanguka kwa sababu ya tivii hata siku moja. Kinachomwangusha ni kukosa usingizi na kuruka dozi.

Fremu kwa Fremu

Mama Zuhura, ni kweli kwa mwanao na kwa wengi. Wanaoshtuliwa na mwanga wa kumweka ni kama 3 tu katika kila wagonjwa 100 wa kifafa, ila hali hiyo huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Shida ni kwamba wengine hawajijui mpaka siku wanapokutana na picha ya namna hiyo. Na tivii ya kituo cha afya haichagui nani amekaa mbele yake.

Kijana wa Bati, kupunguza weupe umesema sawa. Lakini nyekundu hapana! Nyekundu iliyokolea ndiyo mbaya kuliko rangi zote, hata kanuni zimeipa kipengele chake peke yake. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani kilirushwa kipindi kimoja cha Pokémon chenye nyekundu na buluu zikipishana kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Watu wapatao 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali usiku ule. Na onyo la mwanzoni halitamsaidia mtu aliyeingia kituoni wakati video iko sekunde ya 40.

Sasa Mchoraji, tuhesabu radi yako. Mmweko mmoja ni mwanga kupanda na kushuka, yaani fremu zako 4. Gawa 25 kwa 4, unapata mimweko 6 na ushee kwa sekunde. Kanuni ya WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kufanya kazi za mtandaoni zitumike na wenye ulemavu pia, inasema isizidi 3 ndani ya sekunde yoyote ile, na hiyo "yoyote" isome vizuri: huanzi kuhesabu saa inapogonga sekunde mpya, unatelezesha dirisha la fremu 25 popote kwenye video. Kamweko kadogo sana pembeni ya skrini kanaweza kusamehewa, ila wewe umewasha anga nzima, kwa hiyo hapo huna utetezi.

Mimi radi naichora hivi: mwanga unapanda kwa fremu 2, halafu unafifia taratibu kwa fremu 10. Nyuma yake unafuata wa pili, dhaifu zaidi, wenye mwendo uleule. Hapo umetumia fremu 24 na una mimweko 2 tu. Badala ya nyeupe kwenda nyeusi, tumia kijivu-buluu kilichopauka kwenda buluu ya usiku. Na ukitazama radi halisi, inafifia, haizimi kama swichi. Itapendeza kuliko uliyonayo.

Ukitaka kuona ulichofanya, itoe sehemu hiyo fremu moja moja:

```
ffmpeg -ss 41 -t 2 -i katuni.mp4 radi_%03d.png
```

Utapata picha 50. Zipange kama karata, uhesabu mwanga unapanda mara ngapi. Ukiwa na VLC, simamisha video kisha bonyeza `E`, kila mbonyezo ni fremu moja. Hesabu kwenye faili la mwisho unalompa mteja, siyo kwenye mradi wako.

Fundi Nyaya

Mie ndiye huyo mwenye upofu wa rangi mnayemsema. Fundi umeme, Mombasa. Mchoraji, ungebandika picha ya hayo madumu tuyaone.

Mchoraji wa Tabata

Nimebandika hapo juu kaka. La kushoto salama, la kulia chafu.

Fundi Nyaya

Ungeninyima hayo maneno ya kushoto na kulia ningekunywa lolote. Kwangu yote mawili yana rangi ya udongo wa kahawia, moja limekolea kidogo. Na watu waache kuuliza kama naona nyeusi na nyeupe kama tivii ya zamani. Buluu naiona vizuri, manjano naiona. Nyekundu, kijani na kahawia ndizo zinanichezea. Taa za barabarani najua kwa kukaa kwake, ya juu simama, ya chini nenda.

Kijana wa Bati

Basi kijani iwe ya kung'aa zaidi na nyekundu iwe ya kung'aa zaidi, zitaachana.

Fremu kwa Fremu

Zote zikipanda pamoja hakuna kilichobadilika. Nimezipigia hesabu rangi zake mbili kama zilivyo: utofautishaji ni 1.2 kwa 1. Kwa michoro inayobeba maana inatakiwa walau 3 kwa 1 dhidi ya kilicho jirani yake. Yaani ukiondoa rangi, kimwanga madumu hayo ni pacha. Igeuze picha yako iwe ya kijivu tupu utashangaa. Kijivu si ndivyo Fundi Nyaya anavyoona, lakini kinaonyesha mwanga peke yake, na ndiyo nguzo anayobaki nayo pale rangi inapomtupa. Ukitaka kuona kwa jicho linalofanana na lake, GIMP ina kichujio cha upofu wa rangi kwenye menyu ya `View`, chini ya `Display Filters`.

Kuna rangi zilizopangwa na Wajapani wawili, Okabe na Ito, kwa ajili ya macho ya namna zote. Chukua chungwa `#E69F00` na buluu `#0072B2`. Fundi ataziona tofauti bila shida. Ila usilewe: hata hizo, kwa mwanga tu, ni 2.3 kwa 1. Kwa hiyo rangi isibebe mzigo peke yake. Dumu salama lipe kifuniko na alama ya vema, chafu liache wazi, lipe alama ya mkasi na nzi wawili. Zungushia kila moja mstari mweusi mnene.

Fundi Nyaya

Nzi weka. Nzi sina haja ya kuuliza ni rangi gani.

Sauti ya Pwani

Mimi naweza kukutafsiria manukuu kwa Kiingereza, bei ya kuelewana. Njoo faragha.

Mchoraji wa Tabata

Asante Sauti ya Pwani, ila manukuu ni ya Kiswahili kwa Kiswahili, kwa wasiosikia na kwa tivii zilizozimwa sauti. Hapo ndipo nilipokwama zaidi. Nilisoma mahali kwamba maneno 160 hadi 180 kwa dakika yanasomeka. Nimepima yangu, yako chini ya hapo. Sasa mbona hayasomeki? Mfano huu, unakaa sekunde 2.4: "Tusipoyafunika maji ya kunywa, tutaugua kipindupindu."

Fremu kwa Fremu

Mtego wenyewe ndio huo. Kipimo cha maneno kimetungwa kwa Kiingereza. Sentensi yako ina maneno 6, kwa sekunde 2.4 ni maneno 150 kwa dakika, kwenye karatasi uko salama. Lakini neno letu moja limebeba sentensi: "tusipoyafunika" ni herufi 14, ndani yake kuna sisi, kuna sharti, kuna kukanusha, kuna maji na kuna kufunika. Acha maneno, hesabu herufi pamoja na nafasi na vituo. Hapo ziko 53. Gawa kwa 2.4, ni 22 kwa sekunde. Mimi sipiti 15, wapo wanaoruhusu 17. Kwa 15 sentensi hiyo inahitaji sekunde 3.5.

Baada ya sentensi hiyo msimulizi ananyamaza?

Mchoraji wa Tabata

Ananyamaza kama sekunde 0.8.

Fremu kwa Fremu

Basi yaache manukuu yabaki kwenye ule ukimya. Utapata sekunde 3.2, herufi 16 na nusu kwa sekunde. Imezidi kidogo kiwango changu lakini inasomeka. Na mstari ukatwe kwenye pumzi, usiache "ya" inaning'inia mwisho huku "kunywa" iko chini:

```
4
00:00:12,400 --> 00:00:15,600
Tusipoyafunika maji ya kunywa,
tutaugua kipindupindu.
```

Kuhusu rangi ya maandishi: nyuma yake una anga `#87CEEB`, sivyo? Nyeupe juu ya hiyo ni 1.7 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanataka 4.5. Weka utepe mweusi nyuma yake wenye uzito wa asilimia 75, utapita 12. Kivuli chembamba hakitoshi, kinapotea video ikibanwa na WhatsApp. Kwa WhatsApp yachome manukuu ndani ya video kabisa, faili la pembeni halifiki kwa mtu.

Mwalimu wa Ishara

Niongeze. Nafundisha watoto viziwi. Msifupishe sentensi ili zitoshe muda. Watoto wangu wanajua mdomo ukisema sana na maandishi yakisema kidogo, na wanaudhika. Na radi ikipiga andikeni: [radi inapiga].

Fremu kwa Fremu

Hapo tunatofautiana kidogo, Mwalimu. La radi nakubali. Lakini "Maji yasipofunikwa, tutaugua." ni herufi 29 tu, na mgonjwa anayesoma polepole ataimaliza.

Mwalimu wa Ishara

Ataimaliza bila kujua ataugua nini. Afadhali urekodi sauti upya, msimulizi aende taratibu.

Mchoraji wa Tabata

Msimulizi ameshalipwa na ameshaondoka, Mwalimu 😅

Mrejesho: radi nimeichora upya, mimweko 2. Madumu yana vema, mkasi na nzi. Utepe nimeweka. Nimeona tofauti mwenyewe, aibu kidogo. Ila mteja leo amepiga, anataka na toleo la sekunde 60. Nimewaza kuikimbiza ile ya 90 mara moja na nusu, maana kuichora upya sina muda.

Fremu kwa Fremu

Usithubutu. Mimweko yako itabaki 2, ila itabanwa kutoka fremu 24 hadi 16, na kule kufifia taratibu kutapotea. Na yale manukuu ya sekunde 3.2 yatakaa 2.1, herufi 25 kwa sekunde, pabaya kuliko ulikoanzia. Kata tukio zima, usikimbize.

Mchoraji wa Tabata

Nikate lipi sasa? Mteja anataka yote.

Fundi Nyaya

Kata radi. Mvua si inajulikana tu.