Luteini tupu, fomula yenye beta-karotini au AREDS2, mzee atumie ipi?

Zuhura: Wakuu naombeni msaada, mzee wangu ana miaka 71, daktari wa macho kasema makula zake, zile sehemu za katikati nyuma ya jicho zinazoona vizuri, zimeanza kuzorota na macho yote mawili yako hatua ya kati. Nimekuta chupa tatu za vidonge vya macho, moja luteini na zeaksanthini tu, nyingine ina beta-karotini, ya tatu imeandikwa AREDS2. Alivuta sigara miaka mingi ila kaacha.

Chande: Chukua luteini tupu, utafiti wa AREDS2 ulishathibitisha inazuia upofu kwa mtu yeyote.

Mama Nuru: Chande hapo kwa mtu yeyote umeteleza. Utafiti wa kwanza, AREDS wa 2001, ulitumia vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba, na waliofaidika ni wenye hatua ya kati au ambao jicho moja limeshaharibika, hatari ya kufika hatua mbaya ilipungua kama 25% kwa miaka 5. Wa hatua ya mwanzo hawakuonekana kunufaika. AREDS2 ya 2013 ikawapa watu zaidi ya 4,000 luteini 10 mg na zeaksanthini 2 mg, lakini karibu wote walikuwa wanakunywa na zile vitamini na zinki, kwa hiyo luteini tupu haikupimwa pale. Zuhura, ile ya beta-karotini iweke pembeni kabisa, kwa waliowahi kuvuta iliongeza saratani ya mapafu, na walipofuatiliwa hadi miaka 10 hali ikawa ileile, luteini haikuonyesha hilo.

Kidoto: Mi nina 34, nashinda kwenye kompyuta macho yanawasha, nianze na mimi?

Mama Nuru: Hapana mdogo wangu, majaribio haya hayakupima hilo, kapime macho kwanza.

Babu Seif: Lakini tuseme ukweli, jibu kuu la AREDS2 lilikuwa kuongeza luteini juu ya fomula ya zamani hakukuleta tofauti ya maana. Ile 18% ya hatari kupungua inayotajwa ilitoka walipolinganisha luteini na beta-karotini baadaye, mimi siipi uzito sana.

Mama Nuru: Sawa babu, ila kwa mzee aliyevuta, suala la mapafu peke yake linatosha kuchagua AREDS2 isiyo na beta-karotini. Na uwezo wa kuona alioupoteza hautarudi, dawa hii inapunguza kasi tu. Akiona mistari iliyonyooka imepinda, au doa katikati, aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri vidonge.

Zuhura: Asante mama. Nyuma ya chupa ya AREDS2 naona kidonge kina luteini 5 mg na zinki 40 mg, mbona nusu?

Mama Nuru: Soma hapo juu yake, dozi ni viwili kwa siku, kimoja asubuhi kimoja jioni, anywe na chakula maana zinki 80 mg huchafua tumbo. Likimsumbua amwambie daktari, walijaribu zinki 25 mg pia na tofauti haikuonekana, ingawa hapo wataalamu bado wanabishana.

Babu Seif: Na ataje dawa zake zote.