MREJESHO: Zoezi la kikundi kwenye usaili, Kigoma

Niliuliza: nitachangiaje bila kuwafunika wenzangu wala kukaa bubu?

Wakuu, tulipewa dakika 30 kugawa bajeti ya maji kwa vijiji vitatu. Wasaili pembeni, wanaandika tu. Jamaa mmoja akashika usukani, kisima cha kijiji anachokitetea hakiguswi. Dada wa mwisho kimya, ila karatasi yake imejaa hesabu. Jamaa alipomeza mate nikaingia: "Kisima nakiunga mkono, ila mafuta ya pampu hatujayahesabu. Dada, umepata ngapi?" Akataja, bajeti ilikuwa imezidi. Hapo mjadala ukageukia namba. Zikibaki dakika tano nikasoma tuliyokubaliana, nikauliza nani anapinga. Sikuongea sana, kusema kweli. Nimeitwa hatua inayofuata, na dada pia. Jamaa sijui.